Nimero ya mteja si mali ya butiki



Leo tunaongea juu ya kaye inayolala wazi juu ya kontwari. Tuchukue mfano wa dada anayeuza vitenge. Ana wateja 40. Ameandika jina lote la kila mmoja, nimero, kartie anayokaa na deni lake. Mtu yeyote anayeingia kununua anaisoma. Hapa kwetu, kaye kama hiyo njo liste ya watu wenye makuta na njia ya kufika kwao. Ikiangukia mkono mubaya, mteja njo analipa, si mwenye butiki.

Tena dada akafungua grupu ya WhatsApp kusudi atangaze vitenge vipya. Siku ile ile wote 40 wakaona nimero za wenzao. Usiku, mwanaume asiyejulikana anaanza kupigia msichana mmoja. Msichana alitoa nimero kwa ajili ya kitenge, basi.

Afanye nini? Kwanza, aombe, na aseme sababu: «Mama, naweza kuandika nimero yako nikujulishe mzigo ukifika?» Foto aiombe peke yake, na aseme itaonekana wapi. Kukubali nimero si kukubali foto, na kunyamaza si kukubali. Mama akikataa, anauziwa kwa bei ile ile. Kwenye kaye anatia N kwa nimero, F kwa foto, na tarehe.

Pili, aandike kidogo. Jina la kuitana na nimero vinatosha. Kartie haina kazi. Madeni yakae kwenye kaye ingine. Zote zifungiwe, zisilale kwenye kontwari.

Tatu, aache grupu, atumie «Nouvelle diffusion» ya WhatsApp. Kila mtu anapata ujumbe peke yake, haoni wengine. Lakini utafika tu kwa yule aliyeandika nimero ya dada kwenye simu yake. Kwa hiyo amwombe mteja aiandike palepale.

Ine, foto. Kitenge kinauzika bila sura ya mtu: apige kuanzia shingo kushuka chini. Simu iwe na kode. Mteja akisema «ondoa», aondoe kwenye statut, kwenye galeri, na kwenye kapo la vilivyofutwa, maana foto inabaki humo siku nyingi. Lakini amwambie ukweli: mtu akiisha kuikopia, hairudi tena. Njo maana ruhusa inaombwa mbele, si nyuma.

Hii si adabu tu. Sheria ya mambo ya kidijitali ya Kongo, ordonansi nimero 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, inalinda habari za mtu, na ukubali wa mwenyewe njo msingi wake.

Tunadai leta iheshimu maisha yetu ya siri. Basi tuanzie kwenye kaye zetu. Jioni hii, kabla ya kufunga butiki, fungua yako: kila jina ambalo hukuliombea ruhusa, uliza mwenyewe, ao ulifute.