Umeme Mdogo Huunguza Mota ya Mashine ya Kusaga

Haya ni mazungumzo tuliyowapa wenye mashine za kusaga wa vijiji vya mlima Meru. Tumeyaandika ili na wengine wayasome.

Watu wengi husema hivi: umeme ukipungua, mota itasaga polepole tu, haitadhurika. Taa ndivyo ilivyo. Umeme ukipungua, taa ya glopu hufifia, na haiungui. Mota siyo taa.

Sisi wa Meru tunaijua mifereji. Wa juu wakifungulia maji mashambani mwao, wa mwisho wa mfereji hupata kidogo. Umeme nao ni hivyo. Volti ndizo msukumo wake, na aliye mbali na transfoma hupata msukumo hafifu, hasa jioni watu wote wanapowasha.

Sasa tuchukue mashine moja. Kibati cha mota kinasema: nguvu ya farasi 20, volti 400, ampea 28. Jioni tunapima pale pale kwenye mota, mashine ikisaga, tunapata volti 320. Yaani katika kila volti 100 zimebaki 80. Je, nguvu ya kuzungusha nayo imebaki 80? Hapana. Imebaki 64.

Sababu ni hii. Ndani ya mota koili hutengeneza sumaku. Sumaku hiyo ndiyo inayozaa umeme mwingine katika kile kipande kinachozunguka, kisha inakisukuma. Volti zikipungua, sumaku inapungua, na umeme ule wa ndani unapungua pia. Hasara inaingia mara mbili. Kwa hiyo tunazidisha 80 kwa 80, tunagawa kwa 100, ndiyo 64. Volti zikifika 70, inabaki 49, chini ya nusu. Mota nyingi zina akiba ya nguvu, karibu mara mbili ya mzigo wake wa kawaida. Basi kwenye 80 mota bado inavuta. Kwenye 70 akiba imekwisha, na kopo moja la mahindi likizidi, mota inasimama.

Lakini mota haijui habari ya volti. Mahindi yanadai kazi ile ile. Mota inapunguza mwendo kidogo, na inavuta ampea zaidi ili kufidia. Badala ya 28 inavuta kama 35. Joto nalo hufuata ampea zikizidishwa zenyewe kwa zenyewe: 35 ni mara moja na robo ya 28, na joto la koili linakuwa zaidi ya mara moja na nusu. Rangi ya vanishi inayofunika waya hukauka na kupasuka, siku kwa siku. Mafundi wana hesabu yao: joto likizidi nyuzi 10 juu ya kiasi, maisha ya vanishi hupungua nusu. Ndipo mnasikia harufu ya kuungua, na mota inakwenda kusukwa upya.

Kwenye boksi la kuwashia kuna swichi ya ulinzi. Hiyo huzima ampea zikizidi. Ikizima kila jioni, wengine hugeuza skrubu yake kutoka 28 mpaka 38, wakasema swichi ni mbovu. Swichi ni nzima! Imeona zile ampea 35. Skrubu ibaki kwenye nambari ya kibati, na mahindi yamiminwe kidogo kidogo mpaka ampea zirudi 28.

Kuwasha ndiko kugumu zaidi. Kiwashio cha hatua mbili, kile mafundi wanachoita sta-delta, katika hatua ya kwanza hutoa theluthi moja tu ya nguvu ya kuanzia. Theluthi ya 64 ni kama 21. Mashine yenye mahindi tumboni haitaondoka. Itanguruma imesimama, feni yake haipulizi, na joto halina pa kutokea. Izimeni mara moja, toeni mahindi, ndipo muwashe tena.

Tena, msiilaumu laini ya barabarani kabla ya kupima. Pimeni mahali pawili, mashine ikiwa inasaga: penye mita, na penye mota. Mashine ikiwa haina kazi mtapata nambari nzuri, nayo itawadanganya. Tuseme penye mita kuna volti 367, penye mota 320. Zile 47 zimepotea katika waya wenu wenyewe. Waya wa shaba wa milimita 4 za mraba, urefu mita 200, hupoteza kiasi hicho kwa ampea 35. Mkiweka wa milimita 16, zitapotea kama 11 tu. Mota itapata volti kama 356, na nguvu yake itatoka 64 mpaka karibu 80. Penye mita penyewe pakiwa chini ya hapo, waya mnene hautasaidia sana: hapo mpelekeeni mwenye laini nambari mlizopima, pamoja na saa mlizopima.