Kuuliza Bei ya Kuezeka Upya



Mwenye nyumba wa Mji Mkongwe akiwaambia mafundi watatu, "Nipeni bei ya paa," atapata bei za kazi tatu mbalimbali. Tuchukue mfano. Wa kwanza ataka shilingi 9,000,000. Wa pili 7,800,000. Wa pili aonekana rahisi, lakini hakuhesabu kubomoa mabati ya zamani wala mifereji. Ukiongeza 1,600,000 za kazi hizo, bei yake yafika 9,400,000.

Basi yafaa kwanza kuandika karatasi moja, na kila fundi apewe nakala ileile. Iseme vipimo: pande mbili, kila moja mita 12 kwa 4, yaani mita za eneo 96. Itaje unene wa bati, kwa kuwa geji 28 ni nene kuliko geji 30, na chumvi ya bahari hula bati upesi. Itaje papi, misumari, mifereji, kuondoa taka, na nani atakayeomba kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe.

Boriti zilizooza hazionekani mpaka mabati yaondolewe. Kwa hiyo kila fundi aandike bei ya kubadili boriti moja, nazo zihesabiwe mbele ya mwenye nyumba.

Kila kazi iwe na bei yake katika mstari wake. Palipo mstari mtupu, uliza kabla ya kutia sahihi.