"Barua Ipelekwe Polisi": Nani Apeleke? Namna ya Kuandika Muhtasari wa Kikao

(Haya ni maneno niliyozungumza kwenye semina ya makatibu wa vijana wa kata. Nimeyaweka hapa kwa sababu wengi mliomba maandishi.)

 

Nimepewa dakika 20 nizungumzie muhtasari wa kikao. Najua mkisikia muhtasari mnaanza kusinzia. Sasa ngoja nianze na aibu yangu mwenyewe, labda mtaamka.

Nikiwa katibu wa vijana wa kata, tulikaa kikao Jumamosi tarehe 8. Ajenda kubwa ilikuwa mkutano wa hadhara, Jumamosi inayofuata, tarehe 15, saa 10 jioni. Mnakumbuka mikutano ya hadhara ilizuiwa tangu 2016 mpaka Januari 2023. Kwa hiyo kwetu mkutano si jambo dogo. Tulichangishana, tukakodi spika na viti, tukamwalika mgeni kutoka wilayani. Usiku ule nikaandika muhtasari mzuri sana, kurasa 3. Kwenye ukurasa wa 2 niliandika hivi:

"Wajumbe walijadili kwa kina suala la mkutano wa hadhara na kuazimia kwamba barua ya taarifa ipelekwe polisi mapema."

Ijumaa asubuhi mwenyekiti akanipigia simu: "Katibu, nakala ya barua iliyogongwa muhuri iko wapi?" Nikamwambia nilidhani ameipeleka katibu mwenezi. Mwenezi akasema alidhani nimepeleka mimi. Barua ilikuwa bado kwenye kompyuta yangu, haijachapishwa hata. Tukakimbia nayo Ijumaa ileile, tukaambiwa tumechelewa. Na kweli tulikuwa tumechelewa. Sheria ya Jeshi la Polisi na Polisi Wasaidizi, Sura ya 322, kifungu cha 43, inataka taarifa ya maandishi isiyopungua saa 48 kabla ya mkutano. Sisi tulikuwa na saa zisizozidi 30. Mkutano ukafa, hela ya spika haikurudi. Safari hii hakuna aliyetuonea jamani, tulijionea wenyewe.

Nikaurudia muhtasari wangu kutafuta kosa liko wapi. Liko kwenye neno moja: *ipelekwe*. Kiswahili chetu cha vikao kina ugonjwa huu. Ifuatiliwe, ishughulikiwe, iandaliwe, iliazimiwa. Ni maneno mazito, yana heshima, lakini yanamficha mtendaji. Ukisema "barua ipelekwe", kila mjumbe anatoka kikaoni ameridhika kwamba itapelekwa, na hakuna hata mmoja anayejua kwamba mpelekaji ni yeye. Halafu "mapema" ni lini? Kwangu mapema ilikuwa Alhamisi.

Ndiyo maana sasa hivi mambo ya utekelezaji nayaandika kwenye jedwali la safu 4: mada, uamuzi, mhusika, tarehe ya mwisho. Kikao kile kile ningekiandika hivi:

| Mada | Uamuzi | Mhusika | Tarehe ya mwisho |
|---|---|---|---|
| Taarifa ya mkutano | Kufikisha barua kituoni na kurudi na nakala yenye muhuri wa kupokelewa | Katibu wa kata | Jumanne tarehe 11, saa 6 mchana |
| Spika na viti | Kulipa malipo ya awali na kuchukua risiti | Mweka hazina | Jumatano tarehe 12, jioni |
| Mgeni rasmi | Kumpigia na kupata jibu la ndiyo au hapana | Katibu mwenezi | Jumatatu tarehe 10, usiku |

Tuangalie safu moja moja, maana jedwali nalo linaweza kuandikwa vibaya.

Safu ya uamuzi isiandikwe "barua". Barua ni kitu, uamuzi ni tendo. Tena andika tendo ambalo ukiambiwa limekwisha unaweza kuonyeshwa. "Kufuatilia barua" haliishi, mtu anaweza kufuatilia mpaka mwaka kesho. "Kurudi na nakala yenye muhuri" ama anayo, ama hana.

Safu ya mhusika inataka mtu mmoja. Sio "kamati", sio "viongozi", sio "wote". Kazi ya wote haina mwenyewe. Kama watafanya watu 3, sawa, lakini kwenye jedwali anakaa yule mmoja atakayeulizwa. Na awe alikuwepo akasema ndiyo. Kumpangia kazi mtu ambaye hakuja kikaoni ni kutega mtego, kwa sababu yeye hajui na nyie mmeshajiridhisha.

Safu ya tarehe ndiyo watu wanaiharibu zaidi. Tarehe mnaihesabu kwa kurudi nyuma. Mkutano ni Jumamosi saa 10 jioni. Rudisha saa 48, unafika Alhamisi saa 10 jioni. Huo ni ukomo wa sheria, sio ukomo wenu. Mkiandika Alhamisi, na barua ikakutwa haina lengo la mkutano au mahali pamekosewa, mmekwisha. Ndiyo maana nimeandika Jumanne mchana, ili barua ikirudishwa tuwe na siku 2 za kuirekebisha.

Sasa, faida kubwa ya jedwali nimeiona mahali ambapo sikuitarajia: linakuonyesha uamuzi ambao haujaamuliwa. Kwenye aya ndefu unaweza kupita juu ya pengo bila kuliona. Kwenye jedwali kisanduku kitupu kinakukodolea macho. Kwa hiyo msijaze jedwali nyumbani usiku kama nilivyokuwa nafanya mimi. Lijazeni kikaoni, kabla mwenyekiti hajafunga, na katibu alisome kwa sauti. Ukifika kwenye kisanduku kitupu, uliza palepale: "Hii ni ya nani?" Mkikosa jibu, basi hamjaamua, mmezungumza tu. Na kikao kinachofuata, ile ajenda ya Yatokanayo inakuwa rahisi. Unashuka na jedwali mstari kwa mstari: imefanyika, haijafanyika, kwa nini.

Mawili ya tahadhari hapo. Kwanza, jedwali likibandikwa kama maandishi kwenye kundi la WhatsApp linavurugika, safu zinaangukiana. Tumeni kama picha, au kila mada iwe na mistari yake 4 kwenda chini. Pili, sisi ni wapinzani, tujue tulipo. Jedwali lenye majina ya watu, kazi na saa likivuja, ni ratiba ya kumtafuta mtu. Kwenye nakala inayosambazwa andikeni cheo, majina yabaki kwenye daftari la katibu.

Baada ya yale ya barua nikalipenda jedwali kupita kiasi. Kila kitu nikakiweka humo. Na hapo ndipo nilipofanya kosa la pili, ambalo naona lilikuwa baya kuliko la kwanza, maana lilimgusa mtu.

Kulikuwa na kijana mwenzetu, kiongozi wa tawi, aliyetuhumiwa kurusha sauti ya kikao cha ndani mtandaoni. Tulikaa karibu saa 3. Yeye alikuwepo, alijieleza, wajumbe waligawanyika. Mwisho kura zikapigwa, akasimamishwa uongozi miezi 3. Mimi nikaandika:

| Mada | Uamuzi | Mhusika | Tarehe ya mwisho |
|---|---|---|---|
| Nidhamu | Kusimamishwa miezi 3 | Katibu | Mara moja |

Safi kabisa, safu zote zimejaa. Akakata rufaa wilayani, na ni haki yake. Wilaya wakaniita na muhtasari wangu, wakauliza maswali 3. Aliambiwa tuhuma yake kabla ya kikao? Alipewa nafasi ya kujitetea, na alisema nini? Mlimtia hatiani kwa ushahidi gani? Majibu yote nilikuwa nayo kichwani, na wajumbe walikuwa nayo vichwani. Kwenye karatasi hakuna hata moja. Wilaya wakafuta uamuzi, wakaturudishia tuanze upya. Nawaambia ukweli, hata mimi leo siwezi kusema kama alifanya au hakufanya. Lakini yule kijana alikaa na doa wiki kadhaa kwa uamuzi usioelezeka, na wale waliompinga wakaona wamedharauliwa. Kote kote tulipoteza.

Mimi nasoma sheria, nilipaswa kujua. Katiba yetu, ibara ya 13(6)(a), inatoa haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu na haki ya rufaa. Rufaa itasikilizwaje kama sababu hazikuandikwa? Kisanduku kinabeba tendo. Sababu hakiwezi, kwa sababu sababu zina "kwa kuwa", "ingawa", "hata hivyo". Hayo maneno yanaunganisha jambo na jambo, na jedwali kazi yake ni kutenganisha. Pale nilitakiwa kuandika aya, kwa mfano hivi:

"Mjumbe alikabidhiwa barua ya tuhuma siku 7 kabla ya kikao. Alikiri kurekodi, ila alikana kusambaza, akasema simu yake ilikuwa kwa mtu mwingine usiku ule. Wajumbe 4 waliona maelezo hayo yanatosha. Wajumbe 7 waliona hayatoshi, kwa kuwa kurekodi kwenyewe kulikatazwa na mwenyekiti mwanzoni mwa kikao. Kwa hiyo alisimamishwa miezi 3 kwa kosa la kurekodi, sio kusambaza. Alielezwa haki yake ya kukata rufaa wilayani."

Sentensi 6 tu. Aliyeshindwa anajiona yumo, aliyeshinda anajua ameshinda kwa lipi, na wilaya wana kitu cha kupima. Angalieni pia kwamba kuandika tu kungetulazimisha tujiulize: tunamhukumu kwa kurekodi au kwa kusambaza? Kikaoni tulichanganya yote mawili, na jedwali likatufichia.

Kwa hiyo mimi siku hizi nikimaliza kila ajenda najiuliza swali moja: mtu ambaye hakuwepo akisoma hapa, anatakiwa *afanye* kitu au *aelewe* kitu? Kama ni kufanya, jedwali. Kama ni kuelewa, aya: nidhamu, msimamo wa kushiriki au kususia uchaguzi, jambo lolote ambalo wajumbe waligawanyika au ambalo mtu anaweza kulikatia rufaa. Mara nyingi ajenda moja ina vyote viwili. Ile ya nidhamu ingekuwa na aya yake, halafu chini kwenye jedwali mstari mmoja: kumkabidhi barua ya uamuzi, katibu, Jumatatu saa 4 asubuhi.

Nimebakiza dakika 3. Toeni muhtasari wa kikao chenu cha mwisho, mmekuja nao, si ndiyo? Chukueni kalamu, pigeni duara kila penye "ipelekwe", "ifuatiliwe" na "mapema". Halafu anayeniambia ana maduara mangapi, asimame. Naanza mimi: ule wa tarehe 8 una 11.