Maneno ya Ufunguzi Siku ya Kuchimba Msingi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, wazee wetu, ndugu wana Mbulu na Hanang,

Leo tunaanza ujenzi wa madarasa mawili, wanafunzi 45 kila darasa. Wanakijiji wameleta mawe, mchanga na maji. Sisi wa mjini tumechangia saruji na nondo. Tunawashukuru wote.

Eneo hili tumelichagua mbali na korongo, kwani tope la Mlima Hanang, Desemba 3, 2023, lilifuata njia za maji hadi Katesh.

Kama mhasibu wenu nasema wazi: fedha zilizopo zinatufikisha kwenye lenta. Boma lisilopauliwa huliwa na mvua. Kwa hiyo mchango wa leo ni wa mbao na bati tu, na mapato na matumizi yatabandikwa ofisi ya kijiji.

Karibuni tuchimbe.