Nyongeza inayoliwa na ngazi ya kodi

Msikilizaji, mshahara unaweza kupanda sawasawa na bei na bado ukapungukiwa. Kivipi? Chukua mwalimu wa Chemba mwenye kipato cha kutozwa kodi cha shilingi 520,000 kwa mwezi. Anakatwa 20,000, anabaki na 500,000.

Sasa tuseme bei zimepanda asilimia 10, na mshahara vilevile: 572,000. Nyongeza yote inaangukia ngazi ya asilimia 20, si 8. Kodi inafika 30,400, mkononi 541,600. Kununua vilevile kama zamani alihitaji 550,000.

Kwa upande mwingine, Serikali inahitaji mapato, na asiyezidi 270,000 hakatwi kitu. Mwaka 2021 kiwango cha kwanza kilishushwa kutoka asilimia 9 hadi 8. Mipaka ya ngazi ikabaki palepale. Je, Bunge liisogeze kila bei zinapopanda?