Blokucheni: Inachoweza na Isichoweza

Blokucheni ni daftari la miamala ambalo nakala zake hutunzwa na kompyuta nyingi zisizo na msimamizi mmoja. Miamala hukusanywa katika mafungu, na kila fungu hubeba alama ya kihesabu ya fungu lililotangulia. Anayebadili rekodi ya zamani huvuruga alama zinazofuata, na kompyuta nyingine huikataa nakala yake. Hivyo ndivyo bitkoini imehamishwa bila benki tangu 2009. Matumizi hayo ni ya kweli.

Kilichotiwa chumvi ni dai kwamba daftari hili huthibitisha mambo ya nje. Hati ya kiwanja iliyoghushiwa, ikiingizwa, hubaki ya kughushi, tena ngumu kufutwa. Wala blokucheni haileti ushirikiano yenyewe: TradeLens, mfumo wa blokucheni wa Maersk na IBM wa kufuatilia makontena, ulifungwa 2023 kwa kukosa ushirikiano wa kutosha katika sekta.