Cheti cha Nje na Safari Yake hadi Kutambuliwa Nchini
(Maandishi ya mazungumzo kwa wakazi wa Kata ya Kalenga)

Matangazo ya nafasi za kazi yanayotolewa na Sekretarieti ya Ajira huwa na sharti ambalo wasomaji wengi hulipita haraka: mwombaji aliyesoma nje ya nchi ahakikishe vyeti vyake vimetambuliwa na mamlaka za Tanzania. Matangazo hayo kwa kawaida hukaa wazi kwa takriban majuma mawili. Muda huo hautoshi kuanza kazi ya kutambuliwa. Anayesubiri tangazo ndipo afungue ombi huwa amekwisha kuchelewa.

Neno la kwanza ni kujua mlango wa kubisha. Cheti cha sekondari kilichotolewa nje hulinganishwa na Baraza la Mitihani la Tanzania, ambalo tovuti yake ni necta.go.tz. Astashahada na stashahada ni kazi ya Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi. Shahada hupelekwa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, tcu.go.tz. Mlango mmoja haufanyi kazi ya mwingine, na mtu mmoja anaweza kuhitaji milango miwili.

Uchukuliwe mfano wa kijana wa kata hii aliyefanya mtihani wa kidato cha nne mkoani Iringa, akasoma kidato cha tano na cha sita Uganda, kisha akapata shahada ya ualimu katika chuo kikuu cha Kampala. Wako wanaodhani kwamba, kwa kuwa Uganda ni nchi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, vyeti vyake havihitaji tathmini. Ni kweli kwamba wakuu wa nchi za Jumuiya walitangaza mwaka 2017 kuwa eneo lote ni eneo moja la elimu ya juu. Hata hivyo tangazo hilo halikuondoa utaratibu wa kila nchi kutambua vyeti vya nchi nyingine. Kijana huyu ana maombi mawili: cheti cha kidato cha sita kwa Baraza la Mitihani, na shahada kwa Tume. Linalofaa kutangulia ni la sekondari, kwa sababu anayepima shahada hutazama pia sifa zilizomwingiza mwanafunzi chuoni. Mwenye cheti cha sekondari cha nje hupewa na Baraza la Mitihani namba inayoanza na herufi EQ, nayo hutumika pale ambapo wengine huandika namba ya mtihani.

Kabla ya kugusa kompyuta, nyaraka ziwekwe sawa. Nakala iliyothibitishwa ni ile iliyolinganishwa na cheti halisi na wakili au kamishna wa viapo, akaweka muhuri, sahihi, jina na tarehe. Mwombaji aende mjini Iringa na vyeti halisi pamoja na vivuli vyake, kwani wakili hawezi kuthibitisha kivuli asichokiona chanzo chake. Uthibitisho hutangulia, na kuskani hufuata. Aliyeskani kwanza akagonga muhuri baadaye atalazimika kurudia. Transkripti iskaniwe kurasa zote, hata ule wa nyuma wenye maelezo ya alama, maana ndio unaomwezesha mpimaji kujua daraja la nchi ile lina uzito gani hapa. Hati ya muda ya matokeo isiwekwe mahali pa cheti kamili. Waraka usio wa Kiingereza wala Kiswahili uambatanishwe na tafsiri ya mtafsiri anayetambulika. Baraza la Kiswahili la Taifa hutoa huduma hiyo.

Jambo linaloangusha wengi ni jina. Kijana wa mfano huu ana majina matatu kwenye cheti cha kidato cha nne, lakini chuo kiliandika mawili na kuyageuza mpangilio. Kwake yeye ni mtu yule yule. Kwa mpimaji ni watu wawili mpaka ithibitishwe vinginevyo. Tofauti ya namna hiyo huelezwa kwa hati ya kiapo. Ikiwa jina lenyewe lilibadilishwa, huhitajika hati ya kubadili jina iliyosajiliwa kwa Msajili wa Hati. Hati hiyo ipatikane kabla ya kuwasilisha ombi, na ipakiwe pamoja na vyeti.

Hufuata sehemu ya maelezo ya kozi. Hapa kanuni ni moja: kiandikwe kilichoandikwa kwenye cheti. Ikiwa cheti kinasema Bachelor of Science with Education, mwombaji asiandike Bachelor of Education kwa kuona maana inakaribiana; hizo ni shahada mbili tofauti. Tarehe nazo ni tatu, na mara nyingi huchanganywa: ya kuanza masomo, ya kumaliza, na ya kutunukiwa. Kijana huyu alianza Agosti 2018 kozi ya miaka 3, akamaliza Desemba 2021, kwa kuwa vyuo vya Uganda vilifungwa Machi 2020 kutokana na ugonjwa wa korona. Akitunukiwa mwaka 2022, asifupishe tarehe ili miaka itimie mitatu kamili. Tarehe za fomu zisipolingana na za transkripti, ombi huzua shaka ambayo ukweli usingeizua. Barua fupi ya chuo inayoeleza kuchelewa huko inatosha.

Malipo huja baada ya fomu kukamilika. Mfumo hutoa ankara yenye namba ya kumbukumbu ya malipo, yaani kontro namba, ya tarakimu 12 inayoanza na 99. Kiasi cha kulipa ni kile kinachoonekana kwenye ankara, wala si alicholipa jirani mwaka juzi. Sehemu ya uraia ijazwe kwa uangalifu, kisha kiasi na aina ya fedha vikaguliwe kabla ya kulipa. Mwenye M-Pesa hupiga *150*00# na kuchagua malipo ya Serikali. Jina la taasisi lisomwe kabla ya kuweka namba ya siri. Anayedai ada itumwe kwenye namba ya simu ya mtu binafsi si mtumishi wa taasisi hizo. Na ikiwa fedha imekatwa lakini mfumo bado unaonyesha deni, atunze ujumbe wa muamala na kuwasiliana na taasisi husika. Asitengeneze ankara ya pili na kulipa tena.

Baada ya hapo mwombaji aingie kwenye akaunti yake mara kwa mara. Wapimaji wanaweza kukiandikia chuo cha nje kuuliza kama kilimtunuku kweli, na jibu hutegemea wepesi wa chuo hicho. Ombi lililorudishwa kwa kukosa ukurasa mmoja hubaki limesimama mpaka mwenyewe alifungue, ingawa yeye nyumbani anadhani linashughulikiwa.

Mwisho, ijulikane mipaka ya barua ya utambuzi. Inasema kwamba chuo kinatambulika na shahada iko katika ngazi fulani. Haimpi mtu leseni ya kazi: daktari bado atasajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, na mhandisi na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Wala haimhakikishii mtu ajira. Ila siku tangazo litakapotoka, aliye nayo mkononi ataomba siku hiyo hiyo, na majuma yale mawili hayatamtisha.